Kinyambuo cha kumi bila kuhangaika

Kinyambuo cha fomula hupima kasi ambayo thamani yake hubadilika. Kukitafuta mara 10 mfululizo ni kazi ndefu kwa fomula nyingi, lakini sini hurudi ilikoanzia. Nyambua sin x upate cos x, kisha −sin x, kisha −cos x, na mara ya nne sin x yenyewe. Ni mzunguko wa hatua 4, na kila hatua husogeza pembe mbele kwa π/2.

Chukua sasa sin 2x. Kila unaponyambua, ile 2 iliyo ndani hutoka nje na kuzidisha. Hivyo kinyambuo cha n ni:

aⁿ sin(ax + nπ/2)

Kwa kosini, andika cos mahali pa sin. Tukitaka kinyambuo cha 10 cha sin 2x, tunagawa 10 kwa 4, inabaki 2, kwa hiyo tunasimama kwenye −sin. Kizidishi ni 2¹⁰, yaani 1024. Jibu ni −1024 sin 2x.

Wengi hupata alama sahihi wakasahau hiyo 1024, na naona ndilo kosa la kuchungwa zaidi.

Fomula e^(ax) haigeuki sura. Kinyambuo chake cha n ni aⁿe^(ax). Ila a ikiwa −1, alama hupishana: hasi, chanya, hasi.

Pembe lazima ziwe katika radiani. Kwa digrii, kila kunyambua huongeza kizidishi π/180.