Masikio yaliyochomoza: upasuaji kwa mtu mzima ukoje?

Kuna vijana wanaovaa kofia mchana na usiku, si kwa sababu ya jua. Wengine wamebandikwa jina la utani tangu shule ya msingi. Masikio hufikia karibu ukubwa wake wote mtoto akiwa na miaka sita hivi, kwa hiyo yakibaki yamechomoza ukubwani, hayatarudi yenyewe. Mkanda au gundi ya kuyabana haifanyi kazi kwa mtu mzima, kwa sababu gegedu (ule mfupa laini wa sikio) limeshakomaa.

Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Mkunjo wa ndani, unaolirudisha sikio nyuma, haukujikunja vizuri. Au bakuli la sikio, pale karibu na tundu, ni la kina sana na linalisukuma sikio lote nje. Wengine wana yote mawili. Daktari hupima kwa rula kutoka kichwani hadi ukingo wa sikio: ikizidi takriban milimita 20, sikio huhesabiwa kuwa limechomoza. Usikivu hauhusiki. Upasuaji hauuongezi wala kuupunguza.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 28 anayepanga chumba Kyambogo na kuendesha boda boda kwenye stejini ya Banda. Ukingo wa sikio lake la kushoto uko milimita 27 kutoka kichwani, wa kulia 24. Mtu mzima kama yeye kwa kawaida hafanyiwi akiwa amelala: hudungwa sindano ya ganzi kuzunguka sikio, anasikia kuvutwa na kusukumwa lakini si maumivu. Daktari hukata nyuma ya sikio, kwenye mfereji unaokutana na kichwa, ili kovu lijifiche. Halafu hulikunja gegedu kwa nyuzi za kudumu ambazo haziyeyuki, na kama bakuli ni la kina, hulishona kwa nyuma kwenye tishu ngumu iliyofunika mfupa. Gegedu la mtu mzima ni gumu kuliko la mtoto, na linapenda kurudi lilivyokuwa. Ndiyo maana daktari wengine hulikwangua kidogo kwanza ili likubali kukunjika. Kazi yote kwa masikio mawili huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Bendeji ya kichwa hukaa takriban wiki moja. Baadaye huvaliwa mkanda laini wakati wa kulala, kwa wiki nne hadi sita, ili sikio lisikunjwe na mto. Na hapa ndipo kijana wetu anapobanwa, maana helmeti huyakwangua masikio kila anapoivaa na kuivua, na inaweza kukata nyuzi. Bila helmeti haendeshi. Kwa hiyo apange wiki sita bila pikipiki, pamoja na kodi na chakula cha muda huo, kabla hajafikiria gharama ya hospitali.

Siku za kwanza masikio yote mawili huuma kiasi, na dawa ya kutuliza maumivu hutosha. Sikio moja likiuma ghafla kuliko jingine, hasa ndani ya saa 48, huenda damu imejikusanya chini ya ngozi. Usivumilie hadi siku ya bendeji kutolewa. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu damu ikikaa gegedu hufa na sikio huharibika umbo. Sikio likiwa jekundu, la moto na lenye usaha siku chache baadaye, ni maambukizi, nayo hayangoji.

Jambo jingine, nalo si la kupuuza kwa sisi wenye ngozi nyeusi: kovu linaloota na kuvimba, yaani keloidi. Kama uliwahi kuota uvimbe ulipotobolewa sikio, au baada ya chanjo au jeraha, mwambie daktari kabla ya kisu. Kwa mtu wa namna hiyo, mimi ningependelea aendelee na kofia yake.

Kijana wetu atarajie nini? Pengine milimita 17 upande mmoja na 19 upande wa pili. Masikio hayatalingana kabisa. Hata ya watu wasiopasuliwa hayalingani. Ganzi kwenye ngozi inaweza kudumu miezi kadhaa, na umbo la mwisho huonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Uzi ukichomoza nyuma ya sikio hata baada ya mwaka, daktari huutoa kirahisi. Sikio likirudi nje, hushonwa upya.

Kwa Kampala, upasuaji wa kurekebisha maumbile hufanywa Hospitali ya Kiruddu, na kuelekea Entebbe kuna CoRSU, Kisubi. Hospitali hizo zinabeba pia walioungua moto na watoto wenye mdomo sungura, kwa hiyo usishangae ukiambiwa usubiri. Ukifika, uliza mambo mawili: nani hasa atakayeshika kisu, na bei hiyo inajumuisha kurudi kushonwa ikibidi?