Kutoka gauni la mteja hadi mkoba wa dukani

Fundi cherehani wa mitaani hana nafasi ya kupumua kuelekea Idi na Krismasi, kisha baada ya sare za shule za Januari mashine inanyamaza. Kazi yake yote hutegemea mteja aje apimwe. Bidhaa itakayomtoa kwenye utegemezi huo ni ile isiyohitaji kipimo cha mwili, na ambayo mikono yake tayari inaijua.

Chukua fundi wa magauni ya kitenge. Kila wiki anaweka bitana, anabandika gamstafu, anapanga maua ya kitambaa yasikatike vibaya kwenye mshono. Ujuzi huohuo ndio unaotengeneza mkoba wa sokoni, bidhaa iliyopata wanunuzi wapya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019.

Hesabu ya kitambaa inampa faida mapema. Kitenge kina upana wa kama sentimita 114, na yadi moja ni sentimita 91. Vipande vya sentimita 36 kwa 42 vinaingia vitatu kwa upana na safu mbili kwa urefu: sita kwa yadi, yaani mikoba mitatu. Maua yakiwa na juu na chini, vyote vielekee upande mmoja. Mikanda ni afadhali anunue ile ya begi inayouzwa kwa mita.

Tatizo liko kwenye mkanda. Pale unapokutana na pindo la juu, sindano inapita kitambaa kilichokunjwa mara tatu, bitana na mkanda wenyewe. Cherehani ya nyumbani yenye sindano namba 14 huanza kuruka mishono; aweke namba 16, azungushe gurudumu kwa mkono penye unene, na kushona mraba wenye msalaba ndani. Kisha autundike mkoba wa kwanza ukiwa na kilo 5 za unga hadi asubuhi. Uzi ukifunguka, au kitenge kikichanika pembeni mwa mraba, haujafaa kuuzwa. Kama mashine inagoma kabisa, apunguze unene: pochi ya zipu inamfaa zaidi, maana zipu za magauni amezizoea.

Jambo moja gauni halikumfundisha: kufanana. Gauni hurekebishwa mwilini mwa mwenyewe, lakini mikoba kumi ikipangwa rafuni, mmoja uliopinda unaziumbua tisa zilizobaki. Akate kielelezo cha boksi gumu, akifuatishe kila mara, na afue kitenge kwanza ili kisije kikasinyaa au kuchuja rangi kwenye bitana nyeupe.

Wenye maduka wengi watataka mali kauli, yaani walipe wakishauza. Aanze na mikoba mitano tu, aandike idadi na tarehe, wote wawili watie saini, na apite baada ya wiki mbili kuhesabu iliyobaki. Maua yaliyoondoka kwanza ndiyo atakayonunua tena.