Yai, ini na mafuta ya kikaangoni

Simama jioni kando ya banda la chipsi jijini Dar es Salaam, umtazame mkaangaji. Anamimina mafuta kikaangoni bila kupima, anatupia chipsi zilizokwisha kukaangwa, anavunja mayai mawili kwenye kikombe, anayakoroga na kuyamwaga juu. Mteja anayeogopa kolesteroli, au lehemu kama wengi wanavyoiita, atamwomba aweke yai moja tu. Sijawahi kumsikia akiomba mafuta yapunguzwe.

Hofu ya yai ina chanzo chake. Kiini cha yai moja kubwa kina takribani miligramu 186 za kolesteroli. Ute hauna kitu. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kiliwashauri watu wasizidishe miligramu 300 kwa siku, wala viini vitatu kwa wiki. Hoja ilionekana imenyooka: kolesteroli inaziba mishipa, kiini kina kolesteroli, basi kiini kinaziba mishipa. Kilichosahaulika ni ini. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo kwenye damu yako hukuila. Ini lako ndilo lililoitengeneza, kwa kuwa mwili unaihitaji kujengea seli, homoni na nyongo. Ukila nyingi, kwa kawaida ini hupunguza inayoitengeneza.

Mwaka 1991 daktari Fred Kern wa Colorado, Marekani, aliandika habari za mzee wa miaka 88 aliyekuwa akila mayai 25 kwa siku, ya kuchemsha, kwa miaka isiyopungua 15. Muuguzi wa makao alimokuwa akiishi alithibitisha kwamba mayai yalikuwa yakiletwa kila siku. Kolesteroli yake ilikuwa ya kawaida. Kern alipompima aligundua kwamba utumbo wake ulifyonza asilimia 18 tu ya kolesteroli aliyokula, wakati watu wa kawaida aliowalinganisha naye walifyonza karibu nusu. Zaidi ya hapo, ini lake lilikuwa likigeuza kolesteroli kuwa nyongo kwa wingi kuliko kawaida.

Mzee huyo si wa kuigwa. Wapo watu ambao miili yao inafanya kinyume: wanafyonza sana na ini halipunguzi vya kutosha, kwa hiyo mayai machache tu yanapandisha LDL, ile kolesteroli inayojibandika kwenye kuta za mishipa. Kwa walio wengi inapanda, ila kidogo.

Sasa turudi kikaangoni. Kinachoisukuma LDL juu zaidi ni mafuta ya aina inayoganda, kama samli, mafuta ya nyama na mawese, kwa sababu yanalifanya ini lizembee kuiondoa LDL kwenye damu. Yai moja lina kama gramu 1.6 za mafuta hayo. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina gramu 6 hadi 7, sawa na mayai manne. Mkaangaji wetu akitumia mawese, vijiko viwili tu ni sawa na mayai manane, na bado hujahesabu yaliyonyonywa na chipsi zenyewe. Mayai hayohayo mawili ukiyachemsha, au ukiyakaanga kwa kijiko kidogo cha alizeti, ni chakula kingine kabisa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, yai moja kwa siku, yaani saba kwa wiki, halina shida. Ndivyo kilivyosema Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2019, baada ya nusu karne ya kuhesabu viini. Siku ukila mawili, kesho yake ukaacha, hujaharibu kitu. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi hazikubaliani kikamilifu, lakini nyingi hazikuona madhara ya moyo hadi kiwango hicho. Mwenye kisukari, mwenye LDL iliyokwisha kupanda, na aliyetoka kwenye ukoo ambao watu wanapata shtuko la moyo wakiwa vijana, hao wazungumze na daktari kwanza. Kwao viini viwili vitatu kwa wiki ni busara, na ute wale watakavyo.

Ukitaka kujua mwili wako uko upande gani, hospitali wanaweza kukuambia. Tuseme umezoea mayai mawili kila asubuhi na LDL yako imesoma 4.2. Acha viini kwa wiki sita, usibadilishe kingine chochote, hata mafuta ya kupikia, kisha upime tena kwenye maabara ileile. Ikisoma 4.0 usiseme umepona, maana tofauti ndogo kama hiyo hutokea hata bila kubadilisha chakula. Rudisha mayai na ulishughulikie dumu la mafuta. Ikishuka hadi 3.4, yaelekea wewe ni miongoni mwa wale wanaofyonza sana, na viini vyako inabidi vihesabiwe.