Advansi Imelipwa, Tarehe Imeshikwa?

Jumamosi za Desemba jijini Dar es Salaam hazitoshi maharusi. Ndivyo ilivyo pia katika wiki za mwisho kabla ya Kwaresima na zile zinazofuata Idi. Mwaka 2026 mambo yalibana zaidi: Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyohiyo au kesho yake, hivyo familia za Kikristo na za Kiislamu ziligombea Jumamosi zilezile za Januari na mwanzoni mwa Februari. Msimu kama huo, mpiga picha anayesifika hupigiwa simu na watu kadhaa kwa siku moja, na kila mmoja huambiwa, "Sawa dada, nimeiandika." Kumbe hajamwandikia mtu. Anamsubiri atakayetangulia kutoa fedha.

Ndiyo maana kamati hukimbilia kulipa, na mara nyingi hulipa mapema kuliko inavyofaa. Kabla ya senti kumfikia mpiga picha au mpambaji, paroko au imamu awe amethibitisha siku na saa, na ukumbi uwe umetoa risiti yenye tarehe. Parokia yenye ndoa nyingi inaweza kukupangia saa nyingine kabisa na uliyoitaka, na ukumbi nao unaweza kuwa na sherehe nyingine Ijumaa usiku. Mpambaji aliyetegemea kuingia alfajiri akifunguliwa mlango saa sita mchana, atapunguza kazi. Hapo hutaweza kumlaumu, kwa sababu hukumwambia.

Tuchukue harusi ya Jumamosi, 12 Desemba 2026. Tuseme mpiga picha ametaja shilingi 2,000,000 kwa picha, video na albamu moja. Advansi ya 600,000 inatosha kushika siku. Milioni moja inafuata wiki mbili kabla ya harusi, wakati michango imeanza kuingia kwa wingi, na 400,000 inabaki hadi albamu ikabidhiwe. Salio hilo la mwisho ndilo ninalolipigania kuliko yote. Wapiga picha wengi hufanya kazi nzuri siku yenyewe, kisha uhariri unachelewa kwa miezi kwa sababu wameshamalizwa fedha zao na harusi nyingine zimewafika mlangoni.

Mpambaji hawezi kulipwa kwa mtindo huo, na ni haki kumwelewa. Yeye hununua maua, hukodi viti na vitambaa, hulipa vijana na gari kabla hujaona hata utepe mmoja. Kwa kazi ya 5,000,000, ni kawaida ataje 1,500,000 ya kushika tarehe na kudai kiasi kikubwa wiki mbili au tatu kabla. Mpe, tuseme, 3,000,000 wakati huo, lakini jitahidi kubakiza 500,000 ya kulipa siku ya harusi, baada ya mwanakamati mmoja kuzunguka ukumbi na orodha mkononi na kabla wageni hawajaingia. Ukumlipa vyote mapema, huna tena cha kumfanya ashughulikie meza nne zilizokosa maua.

Fedha zote zipite mahali panapoacha alama: benki, au namba ya simu ambayo jina linalotokea ndilo lililo kwenye mkataba. Mhazini akiona jina la mtu mwingine kabisa, asimamishe malipo na kuuliza. Meseji ya muamala nayo haisemi fedha ni ya nini, kwa hiyo mtumie fundi wako ujumbe palepale: "Nimekutumia 600,000, advansi ya picha za harusi ya 12 Desemba 2026, salio 1,400,000." Akijibu "nimepokea", umeshapata nusu ya mkataba.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Ugumu unakuja kwenye kuyathibitisha. Ukurasa mmoja uliosainiwa na pande zote mbili, pamoja na shahidi mmoja kila upande, unatosha. Kwa mpiga picha, andika jina la mtu atakayeshika kamera. Hapa ndipo familia nyingi huumia: umeonyeshwa kazi za bwana mwenyewe, siku ya harusi anakuja kijana wa kujifunza, kwa sababu bwana amepokea harusi mbili. Andika pia saa ya kufika na ya kuondoka, kama anaanzia kwa bibi harusi anapopambwa au kanisani, na siku ambayo albamu itakuwa tayari.

Kwa mpambaji, maneno kama "mapambo ya kisasa" hayasaidii kitu. Andika idadi ya meza na viti, rangi, kama maua ni halisi au ya bandia, na uambatanishe picha ya jukwaa la maharusi mliyokubaliana. Taja saa ya kumaliza kupamba, nani atalipa kama ukumbi unamtoza mpambaji wa nje, na nani atawajibika chombo kikivunjika.

Kisha yaje mambo yasiyopendeza kuzungumzwa. Msiba ukitokea katika familia na harusi ikasogezwa, advansi itahamia tarehe mpya au itapotea? Sharti la haki ni kuruhusu kuhama mara moja, ikiwa tarehe mpya iko wazi na taarifa imetolewa mapema, tuseme siku 30. Maharusi wakiahirisha siku chache kabla, mtoa huduma abaki na advansi, maana amewakatalia wengine. Yeye akijitoa, arudishe yote na aongeze kiasi kilichotajwa. Kwa kifungu cha 74 cha sheria hiyo, mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi mlichokiandika, kwa hiyo taja kiasi kinacholingana na hasara halisi.

Hata hivyo, fidia ya mwezi Machi haitapiga picha ya Desemba. Ndiyo sababu ya kuwa na mbadala. Mwombe mpiga picha ataje ndani ya mkataba mwenzake atakayemshikia nafasi akiugua, kisha utazame kazi za huyo mwenzake mapema. Muulize pia kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na kama hunakili picha usiku uleule. Kadi moja ikiharibika, hakuna wa kurudia kiapo.

Mbadala wa mpambaji ni mgumu zaidi, kwani hakuna anayekaa na maua akisubiri mwenzake ashindwe. Tafuta mpambaji mdogo aliye karibu na ukumbi, mkubaliane bei ya mapambo machache tu: jukwaa, meza kuu na mlango wa kuingilia. Uliza pia ukumbi una vitambaa na viti gani vyake. Mpangie kazi hiyo mwanakamati mmoja, naye apewe saa ya kuamua. Jumatatu ya wiki ya harusi ampigie mpambaji na kuuliza maua yameagizwa wapi na gari ni la nani. Majibu ya kuzungushazungusha ni dalili mbaya. Asipopokea simu hadi Alhamisi mchana, mbadala aitwe saa hiyohiyo, bila kungoja kikao, kwa sababu Ijumaa jioni hata mpambaji mdogo hatakuwa na muda wa kununua chochote.