Dawa mseto hupimwa kwa kilo

Mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14 hupewa kidonge 1 cha dawa mseto ya malaria (ALu) cha watoto, chenye miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mwenzake wa rika hilo mwenye kilo 16 hupewa 2. Ndiyo maana mtoto apandishwe kwenye mizani kwanza.

Dozi ya pili hufuata baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu zitimie. Kidonge kisagwe kwenye maji safi, mtoto anywe chote, kisha anyonye au apewe maziwa, kwani mafuta husaidia dawa kufyonzwa.

Kidonge cha mkubwa cha 80/480 ni sawa na vinne vya mtoto. Tafadhali usikigawe kwa kisu: vipande havilingani, na unga hubaki mezani.

Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima. Pakiti sasa itapungua, basi rudi kituoni ukaongezewe. Akitapika tena, mpeleke hospitali mara moja. Huenda akahitaji sindano ya atesuneti.