Msomaji na Mwandishi Bila Kusubiriana

Tuseme karani wa benki anajumlisha salio la wateja wote, na hesabu inachukua dakika 10. Katikati yake, mteja mmoja anamhamishia mwenzake shilingi 20,000. Hifadhidata inayotegemea kufuli pekee ingeweza kumlazimisha mmoja wao asubiri.

PostgreSQL haiandiki juu ya salio la zamani. Mstari wenye 50,000 unabaki, na toleo jipya lenye 30,000 linaandikwa mahali pengine. Kila toleo lina alama mbili: `xmin`, namba ya muamala uliolizaa, na `xmax`, namba ya muamala uliolibadilisha au kulifuta. Hesabu ya karani ilipoanza, ilipewa picha ya miamala iliyokwisha kuthibitishwa. Uhamisho ule haumo, kwa hiyo karani anasoma 50,000, na salio la mpokeaji analisoma la zamani vilevile. Jumla yake ni sahihi kwa saa aliyoanza, na mteja hakucheleweshwa.

Waandishi wawili wa mstari uleule bado husubiriana.

Gharama yake ni matoleo mafu yanayojaza diski. `VACUUM` huyasafisha, lakini haigusi toleo ambalo picha ya zamani huenda bado inalihitaji. Ripoti moja inayoendelea kutwa nzima inatosha kuvimbisha jedwali linalobadilishwa sana. Ukiona `n_dead_tup` inapanda bila kushuka, tafuta kwenye `pg_stat_activity` muamala wenye `xact_start` ya zamani kuliko yote, umalize huo kwanza.