Kisha radi, ruta imezima: tupime nini kwanza?

Wandugu wanamemba, kwetu Kivu radi si mgeni. Watafiti waliohesabu radi za dunia kwa msaada wa satelaiti walitangaza matokeo yao mwaka 2016. Ziwa Maracaibo la Venezuela ndilo lilikuwa la kwanza, lakini la pili lilikuwa ni Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini. Zaidi ya radi 200 kwa kilomita mraba moja, kila mwaka. Na msimu wa mvua nyingi, mwezi wa tatu mpaka wa tano, ndio pia msimu wa kuvuna kahawa, wakati biro ya koperative inahitaji mtandao kila siku ili kutuma hesabu za kilo na liste ya malipo.

Tuchukue mfano wa koperative moja ya kahawa kando ya ziwa. Radi ilipiga mkaratusi, kama mita 60 toka biro. Paa haikuguswa na mtu hakuumia, lakini asubuhi ruta haikuwasha hata taa moja. Wanamemba walikuwa tayari kukusanya franga za kununua ingine. Tuliwaomba wangoje kwanza, juu ya ruta isiyowasha taa si lazima iwe imekufa.

Mbele ya kupima, tulichomoa waya zote, tukanusa na kuangalia. Kama chombo kinanuka kuungua, kina alama nyeusi ao kimevimba, usikirudishe kwenye umeme. Hapa hatukuona kitu. Kisha tulichomeka shaja ya simu kwenye priz ile ile ya ruta, na simu ikaanza kujaa. Basi kuran ilikuwepo na dijonkteri haikuwa imeanguka.

Kinachofuata ni adapta, kile kisanduku kidogo kati ya priz na ruta. Mara nyingi ndicho kinakufa cha kwanza, na bei yake ni ndogo sana kushinda ya ruta. Juu yake, kando ya neno OUTPUT, ilikuwa imeandikwa 12V na 1A. Tuliweka multimeta kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, alama ya 20. Ncha nyekundu tuliingiza ndani ya tundu la kichwa cha waya, nyeusi tukaigusisha inje yake. Adapta nzima ingeonyesha karibu na 12. Yetu ilionyesha 0. Usiifungue adapta ya namna hiyo, maana ndani yake umeme unaweza kubaki hata kisha kuichomoa.

Adapta mupya lazima iwe na volti zile zile. Ampere zinaweza kuwa sawa ao kupita, haziwezi kupunguka. Angalia pia kile kichoro kidogo kinachoonyesha kama + iko katikati; kwa zote mbili kiwe sawa. Na ujue jambo hili: adapta iliyochoka inaweza kuonyesha 12 ikiwa peke yake, halafu inaanguka pale ruta inaanza kuvuta. Kwa hiyo kama kipimo ni kizuri na ruta haiwake, jaribu adapta ya kuazima mbele ya kuhukumu ruta.

Kwa adapta ya 12V na 1.5A, taa za ruta ziliwaka. Simu iliona waifai, tukaandika kwenye simu anwani iliyo chini ya ruta, kwao ilikuwa 192.168.1.1, na ukurasa wake ukafunguka. Ni kusema ubongo wa ruta ulikuwa mzima. Lakini intaneti haikuingia. Taa ya tundu WAN, pale waya toka antena ya paa unaingia, ilibaki imezima. Tulibadilisha waya, bado. Tuliunga waya ule ule kwenye kompyuta, na intaneti ikapita. Basi antena ni nzima, waya ni mzima, ni tundu lile tu ndilo limekufa. Ruta zingine zinakubali, ndani ya mipangilio yake, tundu ingine ishike kazi ya WAN. Ile ilikubali. Hasara ya koperative ikawa adapta moja.

Kwa bafle ya mikutano njia ni ile ile: priz, kisha adapta ao fizibo, kisha chombo chenyewe. Kama taa inawaka na sauti hakuna, tenga waya za spika kwenye amplifikateri na upime kwa alama ya om. Spika iliyoandikwa 8 inaonyesha kama 6 ao 7. Kama multimeta inabaki vile haijaguswa na kitu, koili imekatika. Spika ikiwa nzima, amplifikateri ndiyo yenye ugonjwa, ipeleke kwa fundi.

Sasa angalia vizuri: kwa ruta ile, vitu viwili vilikufa, kimoja upande wa umeme, kimoja upande wa antena. Radi iliyopiga mti inasukuma umeme mwingi ndani ya waya zote za karibu. Umeme ule unatafuta udongo; unaingia kwa waya mmoja na kutokea kwa ingine, na ruta iko katikati kama daraja. Njo maana kuchomoa priz peke yake hakutoshi. Na kuzima kwa butoni ni bure: radi imeruka toka mawinguni, haitashindwa kuruka nafasi ndogo ya ndani ya butoni.

Kinga ya kwanza haiombi franga. Wakati wa kufunga biro, ao mawingu yakianza kusimama mchana, chomoa priz na waya wa antena, na ncha zake ziwe mbali na ruta kama mita moja. Ufanye mapema. Kama toka mwangaza mpaka ngurumo huwezi kuhesabu sekunde 30, radi iko karibu: usiguse waya hata mmoja, ruta iungue kama inataka kuungua. Rudi kwenye waya dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho. Na kuran ikikatika kisha ikarudi, ngoja dakika tano mbele ya kuchomeka, maana inaweza kurudi na nguvu ya kupita kiasi.

Kinga ya pili ni parafudri, moja kwa umeme na moja kwa waya wa antena, pale unaingia nyumbani. Lakini parafudri bila udongo ni pambo tu. Kazi yake ni kutupa umeme chini, kwa hiyo inahitaji chuma cha shaba cha mita 1.5 ao 2 kilichopigwa pahali penye unyevu, na waya mnene, mfupi, usio na mapindo. Nguzo ya antena na parafudri zote mbili ziungwe kwa udongo mmoja. Kila moja ikiwa na udongo wake, ruta inarudi kuwa daraja. Kwenye mawe ya volkano, kama upande wa Goma, chuma kimoja mara nyingi hakitoshi. Fundi umeme apime.

Stabilizateri haishiki kazi hii: inanyoosha volti zinazopanda na kushuka, radi inaipita. Na radi ikipiga antena yenyewe, hata parafudri nzuri inaweza kushindwa. Waya uliochomolewa mapema ndio unabaki kinga ya nguvu zaidi. Koperative ile sasa imepatia sentineli kazi hiyo, na mwenye kufungua biro asubuhi ndiye anachomeka.